Chumba Kimejaa Robo, na Hakuna Pa Kuweka Mfuko

Lori lilipofika dukani kwa shangazi yangu, hapa Tanga, mawingu ya masika yalikuwa yameshatanda. Aliagiza mifuko 300 ya sukari, ya kilo 50 kila mmoja, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na stoo yake ilionekana kubwa. Makuli waliingiza mifuko mpaka njia ya katikati ikazibwa, wakaipandisha mpaka karibu na kenchi, kisha wakasimama mlangoni wakimtazama. Juu ya lori kulikuwa bado na mifuko zaidi ya hamsini. Ikashushwa barazani, ikafunikwa turubai. Usiku maji yakapita chini ya turubai, na sukari ya mifuko ya chini ikanywa maji kama sifongo.

Kilichoniuma ni kwamba kabla ya kuagiza, hesabu ilikuwa imepigwa. Kijana wake wa duka alipima chumba kwa futi: urefu mita 6, upana mita 4, kimo kutoka sakafuni mpaka chini ya kenchi mita 3. Akazidisha, akapata mita za ujazo 72. Mfuko wa sukari ukilala una urefu wa sentimita 80, upana 50 na unene 15, yaani lita 60. Mita ya ujazo moja ni lita 1,000, kwa hiyo chumba kina lita 72,000. Gawanya kwa 60, unapata mifuko 1,200. Mtu mwenye nafasi ya mifuko 1,200 ana haki ya kuagiza 300 bila wasiwasi.

Kuzidisha kulikuwa sahihi na kugawanya kulikuwa sahihi. Ila hesabu ile inajibu swali lingine: kama sukari ingemwagwa chumbani kama maji kwenye tangi, ingekuwa kiasi gani? Mizigo haimwagwi. Mfuko huingia mzima au hauingii, mtu lazima apite kuufikia, na mfuko wa chini kabisa hubeba wote walio juu yake. Nimetunza maghala ya nafaka kwa miaka, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yakiniamulia shehena ipokelewe au irudi.

Mvua zilipokatika tulitoa vitu vyote nje, tukafagia, tukaanza upya na futi, chaki na daftari. Nitaeleza tulivyofanya, kwa sababu mwenye stoo yoyote anaweza kufuata njia hiyo hiyo kwa vipimo vyake.

Tulianza na sakafu. Kabla ya kufikiria kimo, chora chini kwa chaki sehemu ambazo mzigo hautakaa. Ya kwanza ni ukanda wa pembeni mwa ukuta. Miongozo ya kuhifadhi dawa kwenye vituo vya afya inataka katoni zikae angalau sentimita 10 juu ya sakafu na sentimita 30 kutoka ukutani. Kwenye maghala makubwa ya nafaka tunaacha mita nzima, ili mkaguzi apite na turubai la kufukizia dawa lishuke mpaka chini. Katika chumba cha mita 4 huwezi kuacha mita nzima kila upande, ukabaki na kitu cha maana. Tukachukua zile sentimita 30. Watu wengi huuona ukanda huu kama nafasi iliyopotea, lakini ukuta wa matofali hapa pwani hunyonya unyevu na kuupitisha kwa chochote kinachougusa. Zaidi ya hapo, panya hupenda sehemu ambayo tochi haifiki. Ukiweza kuingiza mkono wenye tochi nyuma ya rundo, utaona mavi ya panya au alama ya maji mapema, kabla ya kuona hasara.

Sehemu ya pili ni njia. Kuli mwenye mfuko begani, au toroli lenye mifuko miwili, huhitaji kama mita 1.2 apite bila kukwaruza. Tukachora njia ya upana huo kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Upana wa chumba ukagawanyika hivi: sentimita 30 za ukuta wa kulia, mita 1.6 za rundo la sukari, mita 1.2 za njia, sentimita 60 za shelfu ya katoni, na sentimita 30 za ukuta wa kushoto. Jumla mita 4 kamili. Kwa urefu tukatoa sentimita 30 mbele na 30 nyuma, zikabaki mita 5.4.

Sasa piga hesabu ya sakafu. Rundo la sukari linachukua 1.6 mara 5.4, karibu mita za mraba 8.6. Shelfu inachukua 0.6 mara 5.4, kama mita za mraba 3.2. Kwa jumla ni karibu 12 kati ya 24. Hatujapandisha hata mfuko mmoja, na nusu ya chumba imeshaondoka. Shangazi aliitazama ile chaki kwa muda mrefu. "Mwanangu," akaniuliza, "yaani nalipia kodi ya chumba kizima, natumia nusu?" Nikamwambia hiyo nusu nyingine ndiyo inayoitoa sukari ikiwa kavu, na ndiyo inayomwezesha kuitoa ya zamani kabla ya mpya.

Baada ya sakafu inakuja hesabu ya vipande vizima, na hapa ndipo ujazo hudanganya kimya kimya. Mfuko una upana wa sentimita 50. Kwenye urefu wa mita 5.4 inaingia mifuko 10, zinabaki sentimita 40 ambazo hazitoshi mfuko wa kumi na moja. Kwenye upana wa mita 1.6 inaingia mifuko miwili kwa urefu wake wa sentimita 80, bila kubaki kitu. Kwa hiyo tabaka moja ni mifuko 20. Masalio hayahesabiwi. Ukigawanya ukapata 10.8, jibu ni 10, na ile pointi nane ni hewa.

Hata hivyo hewa hiyo inaweza kupewa kazi. Zile sentimita 40 hatukuziacha mwishoni mwa safu. Tuliziweka katikati, tukapata marundo mawili ya mita 2.5 kila moja, na upenyo kati yao. Tangu hapo rundo moja ni la shehena ya zamani na jingine la shehena mpya, na hakuna anayechanganya.

Mifuko haipangwi ikielekea upande mmoja kutoka chini mpaka juu. Ukifanya hivyo unapata nguzo nyembamba nyingi zilizosimama bega kwa bega, na moja ikiyumba hakuna kinachoishika. Tabaka la pili hugeuzwa, kama fundi anavyopishanisha matofali, ili kila mfuko ukalie viungo vya mifuko ya chini yake. Lakini ukigeuza, idadi inabadilika. Kwenye rundo la mita 2.5 kwa 1.6, tabaka la kawaida lina mifuko mitano kwa miwili, yaani 10. Tabaka lililogeuzwa lina mifuko mitatu kwa urefu wa rundo, kwa kuwa 3 mara 80 ni mita 2.4, na mifuko mitatu kwa upana, kwa kuwa 3 mara 50 ni mita 1.5. Hiyo ni 9. Ukubwa wa matabaka yote mawili unakaribiana, kwa hiyo yanakaliana vizuri, na kila matabaka mawili ni mifuko 19. Wako watakaokataa kugeuza ili wasipoteze ule mfuko mmoja. Nimeona rundo la mtu wa namna hiyo likilala njiani asubuhi, na ilikuwa bahati kwamba hakuna aliyekuwa akipita.

Mifuko ya siku hizi ya plastiki iliyofumwa huteleza kuliko gunia la katani. Nyuzi za katani zilikuwa zinashikana zenyewe, plastiki haishikani, na ndiyo maana kupishanisha kuna uzito zaidi sasa kuliko zamani.

Halafu kimo. Kijana wa duka alihesabu mita 3 zote. Sisi tulianza kwa kutoa. Chaga za mbao zilizo chini ya mifuko zina kimo cha sentimita 15. Chini ya kenchi tuliacha sentimita 50, kwa sababu bati la Tanga mchana ni jiko, na mfuko ulio karibu nalo hupata joto mchana na kutoa jasho usiku. Zikabaki mita 2 na sentimita 35. Gawanya kwa unene wa sentimita 15, unapata matabaka 15 na masalio.

Niseme kidogo kuhusu huo unene, maana wengi hukosea hapo. Usipime mfuko mmoja uliolala peke yake. Mfuko mpya umejaa hewa, na katikati umetuna. Panga mitano, iache mpaka kesho yake, kisha pima kimo chote na ugawanye kwa tano. Mitano ya shangazi ilipima sentimita 80 siku iliposhushwa na 75 kesho yake. Unga wa ngano hushuka zaidi ya sukari. Na kipimo cha sukari usikihamishie bidhaa nyingine: mita ya ujazo ya mahindi ina kama kilo 720, ya sukari ina zaidi ya kilo 800, na ya unga iko chini ya zote mbili. Mfuko wa kilo 50 wa unga ni mkubwa kuliko wa sukari, kwa hiyo rundo lenye ukubwa ule ule litabeba kilo chache.

Matabaka 15 ni kikomo cha chumba. Kuna vikomo vingine viwili vilivyo chini ya hicho, na kilicho chini kuliko vyote ndicho kinachotawala. Kimoja ni cha mwili wa mtu. Kuli huweza kuutua mfuko wa kilo 50 kutoka begani mpaka kwenye tabaka lililo usawa wa bega lake. Zaidi ya hapo anaurusha, au anapanda juu ya mifuko mingine akiwa na mzigo. Mfuko unaorushwa hupasuka mshono, na mtu anayepanda na kilo 50 huvunjika mguu. Kingine ni cha sukari yenyewe. Sukari iliyopata unyevu kidogo kisha ikakandamizwa kwa wiki kadhaa huganda, na mnunuzi akipokea mfuko mgumu kama jiwe hurudi nao dukani. Mfuko wa chini kwenye rundo la matabaka 15 unabebeshwa kilo 700. Kwenye rundo la matabaka 10 unabebeshwa 450.

Tukaamua 10. Kumi mara sentimita 15 ni mita 1.5, ongeza chaga, rundo linaishia mita 1 na sentimita 65 kutoka sakafuni. Tulipiga mstari mwekundu ukutani kwenye kimo hicho, kwa rangi ya mafuta, ili uamuzi usirudiwe kila lori linapofika na makuli wana haraka.

Matabaka 10 ni matano ya mifuko 10 na matano ya mifuko 9. Jumla ni mifuko 95 kwa rundo moja, 190 kwa marundo mawili, tani 9 na nusu. Hilo ndilo jibu la stoo ya shangazi kwa sukari. Si 1,200, na wala si zile 300 alizoziagiza.

Mifuko ilikuwa rahisi. Katoni zina tabia tofauti, na hapa kanuni inageuka. Mfuko hubeba kwa mwili wake wote, kwa hiyo unapishanishwa. Katoni hubeba zaidi kwa pembe zake nne, pale kuta za karatasi zinapokutana, na katikati ya kuta zake ni dhaifu. Ukipishanisha katoni kama matofali, pembe ya katoni ya juu inaangukia katikati ya ukuta wa katoni ya chini, na nguvu kubwa ya katoni inapotea. Katoni zinazobebana hupangwa pembe juu ya pembe, wima. Kama rundo ni refu na unaogopa litayumba, pishanisha lile tabaka la juu kabisa tu, au zungusha kamba.

Ni ngapi zibebane? Mara nyingi mtengenezaji amekwisha kujibu ubavuni mwa katoni, ila watu hawasomi. Tafuta mchoro wa maboksi yaliyopandana wenye tarakimu. Katika alama za kimataifa, tarakimu hiyo ni idadi ya katoni zinazoruhusiwa juu ya ile ya chini, lakini viko viwanda vinavyoihesabu pamoja na ile ya chini. Kwa kuwa hujui katoni yako imefuata hesabu gani, chukua ndogo: ukiona 5, panga tano kwa jumla. Kuna pia mchoro wenye mshale unaoshuka na kiasi cha kilo, nao unataja uzito unaoruhusiwa kuwekwa juu. Katoni ya kilo 20 yenye alama ya kilo 60 inavumilia tatu juu yake, basi rundo ni la nne. Masika yakiingia mimi hupunguza moja, maana karatasi ya katoni ikinywa unyevu wa hewa hulegea, na hapa pwani huna haja ya kuimwagia maji ili inyweshe.

Kama alama hazipo, katoni yenyewe itasema. Angalia ya chini kabisa. Ikianza kuchoka, kuta zake hutuna kama shavu la mtoto, kisha inatokea mikunjo ya mshazari karibu na pembe, kisha gundi ya utepe inaachia. Ukiona mikunjo ya mshazari, ondoa tabaka la juu siku hiyo hiyo. Pembe ikishapinda hairudi.

Shangazi anauza sabuni za mche na biskuti kwa katoni, ndiyo maana tukampangia shelfu upande wa kushoto. Shelfu huokoa katoni za chini kwa sababu kila ubao hubeba mzigo wake. Lakini huleta hesabu yake ya vipande vizima, tena kwa pande tatu. Shelfu yake ina vyumba vitatu, kila kimoja kikiwa na uwazi wa sentimita 175 kati ya nguzo na kina cha sentimita 60. Mbao ziko sentimita 15, 65, 115 na 165 kutoka sakafuni, na kila ubao una unene wa sentimita 3. Kati ya ubao na ubao kuna uwazi wa sentimita 47.

Katoni ya sabuni ina urefu wa sentimita 42, upana 26 na kimo 20. Kijana wa duka alizoea kuziingiza kwa kuelekeza urefu ndani. Kwa mpangilio huo, kwenye sentimita 175 zinaingia sita za upana wa 26, na kwa ndani inaingia moja tu, sentimita 18 zikibaki bure nyuma yake. Sita. Tukazigeuza: urefu wa 42 ukafuata ubao, zikaingia nne, na kwa ndani zikaingia mbili, kwa kuwa 26 mara 2 ni 52. Nane. Ubao ule ule, katoni zile zile, na theluthi moja zaidi kwa kuzigeuza tu. Kwa kimo zinakaa mbili, sentimita 40 kati ya 47, na saba zinazobaki ni za kuingiza vidole. Kwa hiyo kila ubao katika kila chumba cha shelfu unabeba katoni 16.

Unabeba, kama mbao zitakubali. Katoni 16 za kilo 20 ni kilo 320 kwenye ubao wa mita moja na robo tatu. Ubao wa chini umekalia matofali, haukuwa na shida. Wa pili tulipaswa kuuongezea mguu katikati. Kabla ya hapo tuliujaribu kwa uzi: uufunge ukiwa umenyooka kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa ubao mtupu, kisha upakie mzigo. Ubao ukishuka zaidi ya sentimita moja chini ya uzi kwa urefu kama huo, mimi siukubali. Kesho yake utakuwa umeshuka zaidi, kwa sababu mbao huendelea kupinda polepole chini ya uzito unaokaa. Ndiyo maana sabuni tuliziacha kwenye mbao mbili za chini tu: 16 mara 2 mara 3, katoni 96. Mbao za juu ni za biskuti, ambazo katoni moja ina kilo 6.

Kwa biskuti tulikutana na kizingiti kidogo. Katoni yake ina urefu wa sentimita 40, upana 30 na kimo 25. Kwenye ubao zinaingia nne kwa mbili, nane. Kwa kimo, mbili zinahitaji sentimita 50, na uwazi wa ubao wa tatu ni 47. Kwa kukosa sentimita 3, ubao mzima ulikuwa unabeba tabaka moja, na juu yake hewa ya sentimita 22. Fundi akaupandisha ubao wa juu kabisa sentimita 10. Uwazi ukawa 57, biskuti zikakaa mbili mbili, na katika vyumba vitatu tukapata nafasi ya katoni 24 ambazo jana yake hazikuwa na mahali. Ubao wa juu nao unabeba mbili kwa kimo, hakuna zaidi, maana mtu akisimama kwenye kigoda hapo ndipo mikono yake inapofika bila kujinyoosha. Jumla ya biskuti ikawa 96.

Tulipomaliza nilimwomba kijana wa duka apige tena hesabu yake ya ujazo, safari hii ya mizigo iliyomo. Sukari 190 mara lita 60 ni mita za ujazo 11.4. Sabuni ni kama 2.1. Biskuti ni kama 2.9. Jumla ni mita za ujazo 16.4 kati ya 72. Chumba kimejaa kwa asilimia 23, chini kidogo ya robo, na hakuna pa kuweka mfuko mwingine. Alidhani amekosea, akarudia. Nikamwonyesha chaki na mstari mwekundu: mzigo umekalia nusu ya sakafu, na kwa sehemu kubwa unafika karibu nusu ya kimo. Nusu ya nusu ni robo.

Baada ya hapo ujazo unapata kazi yake ya haki. Ukishapanga chumba kimoja kwa uangalifu na ukajua kinajaa robo, unaweza kukikadiria kingine cha namna hiyo hiyo ukiwa umesimama mlangoni na mwenye nyumba anasubiri jibu la kodi. Zidisha urefu, upana na kimo, chukua robo, gawanya kwa ujazo wa mfuko wako. Chumba cha mita 5 kwa 4 kwa 3 ni mita za ujazo 60, robo yake ni 15, na ukikijaza sukari tupu upate kama mifuko 250. Ni kadirio la kukuambia uendelee kuzungumza au uondoke. Ghala lenye dari refu, shelfu za chuma na mashine ya kuinua mizigo litakuwa na sehemu yake nyingine, na bidhaa ya kudumu ya aina moja hujaza zaidi kuliko mchanganyiko.

Kuna chumba kimoja ambacho kadirio hilo halikifai kabisa, nacho ni cha ghorofani. Stoo ya shangazi iko chini, jamvi la zege limekalia udongo. Mwezi uliofuata alitaka kukodi chumba cha juu kwenye nyumba ya jirani, kipana na chenye dirisha. Rundo letu la matabaka 10 linakandamiza sakafu kwa karibu kilo 1,190 kwa kila mita ya mraba. Sakafu za ghorofa za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo kama 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba: watu, vitanda na makabati. Mfuko mmoja wa sukari uliolala umekalia nusu mita ya mraba pungufu kidogo, sentimita 80 kwa 50, sawa na kilo 125 kwa mita ya mraba. Maana yake tabaka moja tu la sukari linakaribia kumaliza uwezo wa sakafu ile, na la pili linaupita. Nikamwambia, "Shangazi, chumba hicho weka tishu na vyombo vya plastiki, sukari hapana, hata kama wataipanga kiunoni." Hapo futi haina jibu, ni mhandisi aliyeisanifu nyumba anayejua.

Kila Ijumaa jioni kijana wa duka anakagua marundo kwa uzi wenye jiwe. Anauning'iniza kutoka ukingo wa mfuko wa juu mpaka karibu na chaga. Ukingo wa juu ukipita wa chini kwa zaidi ya vidole vinne, rundo limeanza kulala, na lile tabaka lililosogea linatafutwa na kupangwa upya kabla ya Jumamosi ya wateja wengi. Kuhesabu nako kumekuwa kwepesi. Rundo kamili ni 95, na likishaanza kuuzwa anahesabu matabaka mazima yaliyobaki kutoka chini, mawili mawili, 19, 38, 57, kisha anaongeza ya juu.

Kilichobaki kilikuwa ni agizo lenyewe. Shangazi alikuwa akiniuliza mara kwa mara, "Kwa hiyo niagize 190?" Hapana, kwa sababu siku lori linapofika stoo huwa si tupu. Nafasi ya kupokea ni uwezo wa chumba ukitoa kilichomo siku hiyo, na siku ya kuagiza inabidi ukisie kitakachokuwa kimebaki wiki moja baadaye. Yeye huuza kama mifuko 12 kwa siku, na mzigo huchukua siku 5 kufika. Rundo la zamani likiwa na mifuko 60, anapiga simu. Siku lori likiegesha, 60 zimeshauzwa au zimekaribia, upande mmoja uko wazi, na anapokea 95 kwa ajili ya rundo moja. Upande wa pili tayari una 95 nyingine zilizofika safari iliyotangulia, na hizo ndizo zinazofuata kuuzwa.

Shaabani iliyopita, wateja wakianza kununua sukari ya Ramadhani, muuzaji alimpigia akimpa bei nafuu akichukua mifuko 200 kwa mpigo. Shangazi alikwenda stoo na daftari, akahesabu matabaka ya upande wa mlangoni, akarudi kwenye simu. Alichukua 95, na nyingine 95 akaomba ziletwe baada ya siku 8.